Reli ya sufuria kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma

*Fundi, habari za kazi. Ninapanga nyumba hapa Arua, na jiko langu halina kabati hata moja. Nilinunua dukani reli ya chuma yenye kulabu nane za S, nikaifungisha ukutani, lakini haikupita muda upande mmoja uling'oka na kubandua kipande cha plasta. Vyombo vyangu ni sufuria tano, kikaango kizito cha chuma na presha kuka. Je, ukuta huu unaweza kubeba vyombo hivi, au ni afadhali niitundike reli kwenye silingi? Mwenye nyumba hana neno na mashimo, mradi nisiharibu ukuta.*

Dada yangu, ukuta wako unaweza kubeba vyombo hivyo vyote bila taabu, na silingi nakuomba uiache kabisa kwa sababu nitakazozieleza mbele. Kwa jinsi ulivyoeleza tukio lenyewe, sidhani kwamba uzito wa sufuria ndio uliokushinda. Ninachoona ni mambo mawili yaliyokutana: skrubu zilishika plasta badala ya tofali, na braketi za reli ya dukani ni fupi mno kwa umbali ambao reli inasimama kutoka ukutani. Yakirekebishwa hayo mawili, reli ya mita moja na robo itabeba mzigo wako, na itabaki na nguvu ya ziada kwa siku utakapoongeza chombo.

Kabla hujanunua chochote, kiokote kile kipande cha plasta kilichoanguka, ukitazame pamoja na tundu lililobaki ukutani. Ukikuta rolplagi, yaani kile kipande cha plastiki kinachoingia shimoni kabla ya skrubu, imebaki imezungukwa na plasta ya kijivu kwa sehemu kubwa ya urefu wake, basi umepata jibu: haikuwa imefika ndani ya tofali. Plasta ya nyumba zetu kwa kawaida ina unene wa milimita 15 hadi 20, na mahali ambapo ukuta ulijengwa ukiwa umepinda, fundi wa plasta huijaza zaidi ili kuficha kasoro. Rolplagi ndogo inayokuja ndani ya pakiti ya reli huwa na urefu wa milimita 25 au 30 tu, kwa hiyo ikisukumwa hadi kichwa chake kiwe sawa na uso wa ukuta, inabakiwa na sentimita moja na nusu tu au pungufu ndani ya tofali. Lakini ukikuta rolplagi imetoka peke yake, safi, ikiwa na vumbi jekundu, basi tofali ilifikiwa ila shimo lilikuwa pana kupita kiasi, au halikusafishwa, na plastiki ikawa inashikilia vumbi badala ya kushikilia ukuta.

Jambo la pili linahitaji hesabu kidogo, na ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Mtu akibeba jerikani iliyojaa maji huku mkono umeshuka ubavuni, anatembea nayo. Akinyoosha mkono mbele, hata nusu ya jerikani hiyo itamshinda. Braketi ya reli nayo ni mkono ulionyooshwa. Mzigo unaning'inia mbele ya ukuta, na kwa sababu hiyo braketi haivutwi kwenda chini tu, bali inataka kupinduka: ukingo wake wa chini unakandamiza ukuta na skrubu yake ya juu inachomolewa kuelekea kwako. Nguvu ya kuichomoa skrubu hiyo unaipata kwa kuchukua uzito unaobebwa na braketi, ukauzidisha kwa umbali kutoka ukutani hadi reli, kisha ukagawanya kwa urefu kutoka skrubu ya juu hadi ukingo wa chini wa braketi.

Tuchukue vyombo vyako. Sijaviona, lakini kwa vyombo vya aina hiyo naweza kukisia hivi: presha kuka ya alumini ya lita 5 pamoja na mfuniko wake ni kama kilo 2.6, kikaango cha chuma cha kusubu chenye upana wa sentimita 26 ni kama kilo 2.4, na sufuria tano, ikiwa kubwa kuliko zote ni ya kusubu kama zile ambazo mafundi wa Katwe jijini Kampala huzitengeneza kwa kuyeyusha chakavu za alumini, na nyingine ni nyembamba za kiwandani, zote kwa pamoja hazitapita kilo 6. Reli yenyewe na kulabu ni kilo 2 hivi. Jumla ni kilo 13. Usikubali makisio yangu yakutoshe, kwa sababu sufuria mbili za upana mmoja zinaweza kupishana uzito mara tatu. Vitie vyombo vyote ndani ya gunia uende kwa muuza nafaka mwenye mizani, au simama juu ya mizani ya kupimia watu ukiwa umevibeba, kisha upunguze uzito wako. Ukishapata jumla, ipandishe. Mimi hapa nitahesabu kilo 15, nikijua kwamba hakuna reli iliyowahi kubaki na vyombo vilevile ilivyoanza navyo.

Reli ikiwa na braketi mbili, kila moja ingebeba kilo 7 na nusu kama mzigo ungepangwa sawasawa, lakini jikoni haupangwi sawasawa: vizito hukusanyika upande ulio karibu na jiko. Tuseme braketi moja inabeba kilo 10. Reli ya dukani inasimama sentimita 8 kutoka ukutani, na kibati cha braketi yake ni kiduara kidogo ambacho kutoka skrubu ya juu hadi ukingo wa chini hakizidi sentimita 2 na nusu. Kumi mara nane ni themanini, ukigawanya kwa 2.5 unapata 32. Skrubu ile moja, iliyoshika plasta, ilikuwa inachomolewa kwa nguvu ya kilo 32, tena hapo hatujahesabu mkono wa mtu mwenye haraka anayeivuta sufuria kwenda chini badala ya kuinyanyua. Sasa weka mahali pake braketi iliyotengenezwa kwa flatiba, yaani chuma bapa, yenye urefu wa sentimita 12 na skrubu ya juu ikiwa sentimita 1 chini ya ncha yake. Themanini ile ile unaigawanya kwa 11, na nguvu inashuka hadi kilo 7 na kitu. Vyombo ni vilevile na ukuta ni uleule, ila skrubu imepunguziwa zaidi ya robo tatu ya kazi.

Kwa ukuta wa tofali ngumu zilizojengwa kwa saruji ningeishia hapo na kukuambia ufunge braketi hizo ndefu moja kwa moja ukutani. Ila katika nyumba nyingi za kwenu matofali yamepangwa kwa tope la udongo, na saruji imetumika kwenye plasta tu. Nje huwezi kujua. Njia ya kujua ni kutoboa shimo dogo la majaribio mahali ambapo baadaye patafunikwa, ukatazama vumbi linalotoka. Kwanza litatoka la kijivu, ambalo ni plasta. Kisha likitoka jekundu kavu na drili ikiendelea kusikia ukinzani, umeingia kwenye tofali. Likitoka la kahawia, laini, na biti ikazama ghafla kana kwamba hakuna kitu mbele yake, umeangukia kwenye kiungo cha udongo, na hapo hakuna skrubu wala rolplagi itakayoshika, hata uiongeze urefu namna gani. Ikitoka kijivu mwanzo hadi mwisho na katikati biti ikaangukia kwenye uwazi, ukuta wako si wa matofali ya kuchoma bali ni wa bloku zenye matundu, na hizo zina rolplagi zake zinazojikunja nyuma ya ukuta wa bloku. Usitumie za kawaida.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba ya kupanga ambayo historia ya ukuta wake huijui, ninapendelea kuweka ubao kwanza na kuifunga reli juu ya ubao. Tafuta ubao mmoja wa mvule, au wa mkaratusi uliokauka vizuri, wenye urefu wa sentimita 140, upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 2 na nusu, uliopigwa randa upande mmoja. Ubao huu unakupa uhuru ambao braketi haina: braketi inataka shimo mahali pake maalumu, liwe kwenye tofali au kwenye kiungo, lakini ubao unaufunga popote utakapopata tofali zima, kisha braketi unaziweka kwenye ubao mahali unapopataka wewe. Pia unagawa mvuto. Ukirudia hesabu yetu kwa mzigo wote wa kilo 15, reli sasa iko sentimita 10 na nusu kutoka ukutani kwa sababu ya unene wa ubao, na skrubu za safu ya juu ziko sentimita 13 juu ya ukingo wa chini. Mvuto wote ni kama kilo 12, na ukiugawanya kwa skrubu nne za safu ya juu, kila moja inapata kilo 3. Hata mbili kati yake zikiwa mbovu bila wewe kujua, zilizobaki zitaendelea kuushika ubao.

Braketi zifunge kwenye ubao kabla ubao haujapanda ukutani. Toboa ubao moja kwa moja, ingiza boliti za milimita 6 kutoka nyuma, vichwa vyake vikiwa vimezamishwa ndani ya mbao ili ubao ulale bapa ukutani, halafu kaza nati kwa mbele ukiwa umeweka washa. Skrubu za mbao nazo zingetosha kwa uzito huu, lakini boliti haing'oki kwa mvuke wa jikoni unaofanya mbao zivimbe msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, na inapolegea unaikaza kwa spana bila kufungua kitu.

Sasa mashimo ya ukutani. Usitoboe sehemu iliyo juu au chini ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, kwa kuwa nyaya nyingi hupita hapo ndani ya plasta, wala usawa wa bomba la sinki kama unalo. Mwambie fundi azime kile kitufe cha drili cha kugonga mara anapoingia kwenye tofali. Tofali yetu ya kuchoma kwa tanuri la kuni haijaiva sawasawa, zile za pembeni mwa tanuri hubaki laini, na drili ikiigonga inatengeneza shimo lenye umbo la peasi ambamo rolplagi inazunguka tu. Biti iwe ya milimita 8 kwa rolplagi ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 40. Kina cha shimo kutoka uso wa plasta kiwe sentimita 7: mbili za plasta, nne za rolplagi, na moja ya vumbi litakalobaki. Funga kipande cha selotepu kwenye biti kuonyesha kina hicho, kwani ukuta wa nusu tofali hauna unene mkubwa, na sitaki utokee chumba cha pili. Baada ya kutoboa, ondoa vumbi kwa kulipuliza kwa pampu ya baiskeli au kwa mrija, macho yakiwa pembeni. Kisha sukuma rolplagi ndani, na hapa ndipo mafundi wengi hawaendi mbali ya kutosha: isibaki usawa wa plasta, bali igongwe taratibu kwa msumari mnene au kwa skrubu yenyewe hadi izame sentimita 2 na kukaa nzima ndani ya tofali.

Urefu wa skrubu unafuata hesabu hiyo hiyo. Ubao ni milimita 25, plasta 20, rolplagi 40, na ncha inapaswa kutokeza kidogo mwisho wa rolplagi ili iitanue yote. Jumla ni milimita 90, na unene wa milimita 5 unatosha. Wakati wa kukaza, sikiliza mkono wako. Skrubu nzuri inazidi kuwa nzito kila mzunguko mpaka inakataa. Inayozunguka kwa wepesi uleule mwanzo hadi mwisho haijashika kitu, na usijifariji kwamba nyingine zitaisaidia. Ichomoe, sogea sentimita 5 pembeni, utoboe tena. Shimo lililoharibika lizibwe kwa saruji. Vijiti vya kiberiti vinavyoshindiliwa shimoni hukaza siku ya kwanza tu. Na kama mtu atakushauri utumie zile boliti za chuma zinazojitanua ndani ya shimo, mwambie ni nzuri sana kwenye zege, lakini ndani ya tofali laini zinatanuka kwa nguvu iliyokusanyika mahali pamoja na kuipasua tofali yenyewe.

Kuhusu reli, usinunue ya dukani tena. Watu wengi humpelekea fundi wa kuchomelea kipande cha nondo laini ya milimita 12 kwa kuwa inaonekana imara mkononi, kisha wanashangaa inavyopinda katikati. Nondo ya unene huo ikishikiliwa ncha mbili tu zilizoachana sentimita 120, kwa mzigo wa kilo 15 uliotandazwa sawasawa, itashuka katikati kwa takribani milimita 16, na kulabu zote zitateleza kukusanyika hapo. Bomba la maji la nusu inchi, ambalo kwa nje lina milimita 21 hivi, kwa umbali huo na mzigo huo litashuka milimita 2 na kitu, jambo ambalo jicho halilioni, ingawa bomba hilo ni zito kuliko nondo kwa tofauti ndogo. Chuma kilichosogezwa mbali na katikati ndicho kinachozuia kupinda, ndiyo maana bomba linaishinda nondo. Ziba ncha zake kwa vifuniko ili mende wasifanye makao humo.

Ikiwa tayari unayo nondo na hutaki gharama nyingine, weka braketi ya tatu katikati, na kupinda kutakwisha. Ila fahamu kwamba ya katikati haibebi theluthi kama wengi wanavyodhani. Reli ndefu iliyopita juu ya braketi tatu zilizoachana sawa inaiegemea ile ya katikati kwa zaidi ya nusu ya mzigo, tano kwa nane kwa hesabu kamili, kwa hiyo kati ya kilo 15, kilo 9 na nusu hivi ziko pale. Kwenye ubao tuliouelezea hilo halina shida, lakini kwa mtu anayefunga braketi moja moja ukutani, braketi ya katikati ndiyo inayostahili tofali bora.

Kulabu za S za dukani mara nyingi zimekunjwa kwa ajili ya fimbo nyembamba, nazo hazivuki bomba la milimita 21. Fundi yuleyule anaweza kukukunjia kwa nondo laini ya milimita 6, akitumia kipande cha bomba lenyewe kama kalibu, ili duara la juu likae juu ya reli bila kuchezacheza. Mwombe mambo mawili. La kwanza, mkunjo wa juu uzunguke zaidi ya nusu ya bomba, ubane kiasi kwamba kulabu inateleza kushoto na kulia lakini haitoki bila kusukumwa kwa makusudi; la sivyo kila unaponyanyua sufuria kulabu itatoka nayo na kuangukia ndani ya mchuzi. La pili, ncha zote mbili zisagwe ziwe butu. Kulabu zilizonyooka, ambazo mikunjo yake yote miwili iko kwenye bapa moja, hulaza kikaango sambamba na ukuta, na hilo ni jema ikiwa njia ya jikoni ni nyembamba. Zile zilizosokotwa robo mzunguko hukigeuza kikaango kitazame pembeni, kwa hiyo vyombo vingi vinaingia kwenye reli fupi, lakini vinatokeza mbele na bega lako litavikuta. Chuma kitupu huacha alama ya kutu kwenye alumini, basi kipakwe rangi na kikauke kabisa kabla ya kutumika. Fundi akichomelea bomba lenye zinki, afanye kazi nje penye upepo, kwani moshi wake si wa kuvutwa.

Linabaki swali ambalo hukuliuliza lakini litakukuta siku ya kwanza: sufuria zetu nyingi hazina masikio. Zina ukingo bapa tu kuzunguka mdomo. Zile zenye masikio zinaning'inia bila maneno, kwa sikio moja. Kwa zile zisizo nayo, unaweza kutoboa tundu la milimita 7 kwenye ukingo, milimita chache kutoka ukingoni, ukasugua makali yake kwa msasa. Kwenye sufuria yenye ukingo mpana na mnene jambo hili linadumu, lakini kwenye ile nyembamba ya bei rahisi kulabu italila tundu hadi lipasuke nje. Kwa maoni yangu hizo nyembamba zipangwe moja ndani ya nyingine mezani, kwa sababu ndizo zinazokubali kupangwa hivyo, na reli ibaki kwa vile visivyopangika: kikaango, sufuria za masikio, mfuniko wa presha kuka, miiko. Presha kuka yenyewe nisingeitundika. Ni nzito, ni nene, nayo inasimama mahali pamoja kwa urahisi. Ukiiondoa umepunguza kilo 2 kwenye hesabu zetu zote.

Reli iwekwe juu ya meza ya kukatia, pembeni ya jiko na si juu yake. Juu ya jiko la gesi au sigiri vyombo hupata mafuta na masizi upya kila siku, na anayenyanyua sufuria anapitisha mkono juu ya moto. Kimo chake kipimwe kwa mtu mfupi anayepika humo: akisimama kandambili zikiwa miguuni, aweze kuinyanyua kulabu sentimita kadhaa bila kunyanyuka kwa vidole. Vizito vikae karibu na braketi, na vyepesi kati yake.

Nilisema silingi uiache. Silingi ya jipsam au ya mbao nyembamba imetengenezwa ijibebe yenyewe tu. Mzigo ungetakiwa ufungwe kwenye kenchi zilizo juu yake, na kwa hilo lazima mtu apande darini, azikute mahali pasipolingana na meza yako, na azigonge ahakikishe mchwa hawajazila kwa ndani. Katika nyumba ya mwenyewe kazi hiyo inafanyika. Katika nyumba ya kupanga ni kutoboa silingi ya mtu na kubahatisha. Aliye kwenye ghorofa lenye dari la zege anaweza kutundika fremu kwa boliti zinazojitanua, na minyororo yake ishuke wima, kwa maana ikiinama pembeni kila mmoja unabeba zaidi ya fungu lake.

Ubao ukishafungwa, usipange vyombo. Chora mstari mwembamba wa penseli ukutani kufuata ukingo wa juu wa ubao, ukibana penseli kabisa kwenye kona. Funga jerikani tupu ya lita 20 kwa kamba kwenye reli, karibu na braketi ya kwanza, uijaze kwa jagi mpaka ijae. Hapo una kilo 21 hivi mahali pamoja, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya kilo 10 tulizoihesabia braketi moja. Weka chini yake kitu cha kuikinga meza, kisha uiache usiku kucha. Kesho yake fanya vivyo hivyo upande wa pili. Unatafuta dalili tatu: mwanya uliozaliwa kati ya ubao na mstari wa penseli, ufa mpya wa plasta unaoanzia kwenye skrubu, au vumbi jekundu juu ya meza. Ufa mwembamba peke yake huweza kuwa ni plasta iliyojipanga chini ya ubao, na hauna neno kama haukui. Mwanya au vumbi jekundu maana yake kuna skrubu inayotembea ndani ya tofali; teremsha jerikani, ijaribu kila skrubu ya safu ya juu kwa bisibisi, na ile inayozunguka kwa wepesi ndiyo ya kuhamishiwa kwenye tofali jingine.